Chekeche la Tatu

Msomaji mmoja ameniletea swali. Alikwenda kupima VVU, akatobolewa kidole, na kitendanishi kikaonyesha mistari miwili. Mshauri nasaha hakutamka majibu. Alifungua pakiti ya kitendanishi cha aina nyingine akapima upya, kisha akafungua ya tatu. Msomaji anauliza: kama hakukiamini cha kwanza, alikitumia cha nini?

Alikiamini, ila kwa kiasi, na kiasi hicho kinahesabika. Jinsi utepe unavyonasa kingamwili naiacha leo, maana utamu uko kwenye hesabu.

Chukua watu 10,000 kutoka eneo ambako mtu 1 kati ya 100 ana virusi. Walionavyo ni 100, wasionavyo 9,900. Kitendanishi chetu ni kizuri: katika kila walionavyo 100 kinawagundua 99, na katika kila wasionavyo 100 kinawasingizia 2 tu. Wapime wote. Mistari miwili itawatokea 99 walionavyo kweli, na pia 198 wasionavyo, kwa sababu 2 katika kila 100 ya watu 9,900 ni kundi kubwa. Kwa hiyo, kati ya watatu wenye mistari miwili, mwenye virusi ni mmoja!

Hapa nahitaji neno. “Uwezekano” hulinganisha sehemu na jumla: mmoja kati ya watatu. Mimi nataka kulinganisha pande mbili zenyewe: mmoja kwa wawili. Vijana wa mikeka wana “odi”, lakini odi yao inazungumzia malipo. Nimefikiria “uwiano”, nikaona limeshabeba mizigo mingi. Nachagua “urari”. Wachumi wanalo kwenye urari wa biashara, na kwao pia linapima upande mmoja dhidi ya mwingine.

Urari wetu ulianza 1 kwa 99. Kipimo humpitisha mwenye virusi mara 99 katika 100 na asiye navyo mara 2 katika 100. Gawa 99 kwa 2, unapata 49.5. Hicho ni kizidisho cha kitendanishi. Zidisha 1 kwa 49.5: urari unakuwa 49.5 kwa 99, yaani 1 kwa 2. Kanuni ya Bayes, iliyochapishwa mwaka 1763 mwenyewe akiwa ameshafariki, ni hiyo tu: urari wa zamani mara kizidisho, unapata urari mpya. Na huo mpya ndio wa kuanzia ushahidi unaofuata. Kipimo cha pili: 24.75 kwa 1, uhakika wa asilimia 96. Cha tatu: takribani 1,225 kwa 1, zaidi ya asilimia 99.9.

Sasa anzia eneo lenye maambukizi ya asilimia 5. Urari ni 1 kwa 19, na vipimo viwili tu vinaufikisha 129 kwa 1, juu ya asilimia 99. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani zamani liliruhusu vipimo viwili penye maambukizi mengi. Mwaka 2019, maambukizi yakiwa yamepungua, likapendekeza vitatu kwa wote.

Lakini kwa nini pakiti tofauti? Fikiria unachekecha unga wa mahindi. Unga unapita, pumba zinabaki juu, ila chembe chache za pumba zinaponyoka. Ukirudia kwa chekeche lilelile, chembe zilizoponyoka zitaponyoka tena, kwa kuwa udogo wao haujabadilika na matundu ni yaleyale. Utachoka mikono bure. Chukua chekeche lenye matundu ya umbo jingine, na chembe iliyopenya la kwanza kwa wembamba wake itakwama hapa kwa urefu wake. Vitendanishi ni vivyo hivyo. Kingamwili ya mtu asiye na VVU ikinata kimakosa kwenye antijeni ya utepe mmoja, itanata tena kwenye utepe wa aina hiyohiyo. Marudio hayo hayastahili kizidisho cha 49.5, huenda yakastahili 1, yaani hayaongezi chochote. Mashahidi watatu waliosimuliwa na mtu mmoja ni shahidi mmoja.

Je, cha pili kikikataa? Kizidisho chake ni 1 gawa kwa 98, na urari unaanguka kutoka 1 kwa 2 hadi 1 kwa 196. Majibu yanayopingana humfanya mteja aitwe tena baada ya siku 14, na aliyeambukizwa juzi huenda vyote vimkose: unga wake bado haujasagwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kila pakiti iliyofunguliwa ilizidisha kazi ya iliyotangulia. Mshauri alikaa kimya kwa sababu alipoiona mistari ya kwanza, urari ulikuwa bado 1 kwa 2.