Wenye Haraka na Wenye Subira: Hesabu ya Bei Inayoshuka

Tarehe 5 Septemba 2007, jijini San Francisco, Steve Jobs alitangaza kwamba iPhone ya gigabaiti 8, iliyokuwa ikiuzwa dola 599, kuanzia siku hiyo itauzwa dola 399. Simu hiyo ilikuwa imeingia madukani tarehe 29 Juni, siku 68 tu kabla yake. Waliopanga foleni usiku kucha ili wawe wa kwanza kuishika walijikuta wamelipa dola 200 zaidi ya jirani aliyekaa kwake akitulia. Malalamiko yakafurika, na kesho yake Jobs akatoa barua ya wazi: waliolipa bei ya awali watapewa dola 100 za kununulia bidhaa nyingine za Apple.

Wengi waliliona jambo lile kama dhuluma, na hasira yao ilikuwa ya haki. Lakini chini ya hasira hiyo kuna hesabu ambayo wachumi wameichambua kwa zaidi ya nusu karne, nayo inafaa ijulikane na kila anayenunua simu, televisheni au mchezo wa kompyuta. Kiini chake ni hiki: bei ya kesho ndiyo inayoamua muuzaji anaweza kudai kiasi gani leo.

Mbinu yenyewe ni kongwe. Joel Dean, mchumi wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliieleza mwaka 1950 katika jarida la Harvard Business Review. Bidhaa mpya huanzishwa kwa bei ya juu ili muuzaji awaengue wanunuzi walio tayari kulipa zaidi, kama anayeengua malai juu ya maziwa, halafu bei hushushwa ili waliobaki nao wanunue. Ukiisikia hivi, unaona ni rahisi mno: kila kundi linatozwa kadiri ya uwezo na hamu yake. Ugumu unaanza pale tunapokumbuka kwamba wanunuzi wa kundi la kwanza nao wana akili, na wanaweza kungoja.

Tuchukue mfano wa kubuni wenye makundi mawili tu. Kuna simu mpya inayomgharimu mtengenezaji dola 200 kila moja. Wenye haraka ni watu 100. Kila mmoja wao yuko radhi kulipa hadi dola 600 akiipata leo, lakini akiipata baada ya miezi mitatu, raha ya kuwa nayo mapema imekwisha, na kwake haizidi dola 450. Wenye subira ni watu 200. Kwao simu ina thamani ya dola 360 leo na dola 340 baada ya miezi mitatu. Hawana pupa nayo. Miezi mitatu inawapunguzia dola 20 tu.

Muuzaji asiyefikiri mbali atapanga bei ya dola 600 sasa na dola 340 baadaye, akitarajia kuvuna kila kundi hadi tone la mwisho. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mwenye haraka. Akinunua leo kwa 600, analipa thamani yote na habaki na chochote. Akingoja, anapata kitu cha thamani ya 450 kwa bei ya 340, na anabaki na nafuu ya dola 110. Kama anajua bei itashuka, atangoja. Watangoja wote mia moja. Siku ya punguzo watu 300 watanunua kwa dola 340, na muuzaji atapata faida ya dola 140 kwa kila simu, jumla 42,000.

Ili mwenye haraka anunue leo, sharti aachiwe nafuu isiyopungua ile ambayo angeipata kwa kungoja, yaani dola 110. Bei ya leo basi haiwezi kupita 490. Angalia tofauti kati ya 490 na 340: ni dola 150, sawasawa na thamani ambayo mwenye haraka anaipoteza kwa kungoja, kutoka 600 hadi 450. Nyongeza anayoilipa kila mteja atakayenunua leo ni ya miezi mitatu ya kuwa na simu, na si zaidi ya hapo. Hii ndiyo kanuni ya mbinu nzima. Pengo kati ya bei ya kwanza na ya pili likizidi hasara ya kungoja, wenye haraka nao wanageuka kuwa wenye subira.

Kwa bei za 490 na 340, muuzaji anapata faida ya 29,000 kutoka kundi la kwanza na 28,000 kutoka la pili, jumla dola 57,000. Angeuza kwa watu wote mara moja kwa dola 360, angepata 48,000. Angeshikilia dola 600 na kuwasahau wenye subira kabisa, angepata 40,000. Kwa hiyo kushusha bei kunalipa, japo bei ya kwanza ni ya chini sana kuliko ile aliyoiota.

Lakini haiwi hivyo kila mara, na hapa ndipo watu wengi wa biashara wanapoteleza. Badilisha kitu kimoja tu katika mfano wetu. Tuseme wenye subira nao wanapoteza robo ya thamani kwa kungoja, kama walivyo wenye haraka: kutoka 360 hadi 270. Bei ya pili sasa haiwezi kuzidi 270, na bei ya kwanza haiwezi kuzidi 420, kwa sababu pengo la 150 halijabadilika. Faida inakuwa 22,000 kwa kundi la kwanza na 14,000 kwa la pili, jumla 36,000. Kushusha bei kumekuwa njia mbaya kuliko zote tatu! Afadhali angeuza kwa wote kwa 360 siku ya kwanza.

Nancy Stokey, mchumi Mmarekani, alilithibitisha jambo hili kwa hisabati mwaka 1979. Ikiwa wanunuzi wote wanaona mbele na wote wanapungukiwa kwa uwiano uleule wanapongoja, muuzaji anayeweza kutoa ahadi akaaminika hana sababu ya kushusha bei hatua kwa hatua. Haitoshi kundi moja liwe na fedha zaidi ya lingine. Sharti litofautiane nalo katika subira. Ninaona hili ndilo jambo muhimu kuliko yote katika somo hili, kwa sababu watu hudhani bei ya juu ya mwanzo inawalenga matajiri. Ukweli ni kwamba inawalenga wasioweza kungoja. Tajiri mwenye subira haenguliwi, na mtu wa kipato cha wastani mwenye pupa anaenguliwa bila shida.

Zipo njia nyingine ambazo kwazo mbinu hii inaweza kufaulu. Moja ni gharama ya kutengeneza kushuka kadiri muda unavyopita, jambo la kawaida kwa vifaa vya elektroniki. Nyingine ni wanunuzi kutojua kwamba punguzo linakuja, na hapo ndipo tunaporudi kwa Apple. Mwaka 2007 iPhone ilikuwa ya kwanza ya aina yake, haikuwa na historia ya bei, na wateja wengi hawakutegemea ipungue theluthi moja ndani ya miezi miwili na ushei. Kwa hiyo walilipa 599 bila kungoja. Bahati ya aina hiyo huja mara moja. Ukimshtua mteja leo, umemfundisha kungoja kesho, na bei ya juu ya bidhaa yako ijayo itakumbana na watu waliokwisha kuonja uchungu. Zile dola 100, kwa maoni yangu, hazikuwa ukarimu mtupu. Zilinunua imani ya watu ambao kampuni ilihitaji wanunue mapema tena.

Imani hiyo ina tatizo lake ambalo Ronald Coase alilionyesha mwaka 1972. Chukua muuzaji aliyetangaza kwamba bei ni 600 milele. Wenye haraka wakishanunua, mbele yake wamebaki watu 200, na kila mmoja angempa faida ya dola 140 kama angeshusha bei. Ahadi yake inamkalia vibaya kwa sababu kuivunja kuna faida. Wateja wanalijua hilo, hivyo hawamwamini tangu mwanzo. Coase alihitimisha kwamba kama bidhaa inadumu na bei inaweza kubadilishwa upesi sana, hata muuzaji asiye na mshindani atalazimika kuuza karibu na gharama yake, kana kwamba anashindana na nafsi yake ya kesho. Dawa alizozitaja ni kukodisha badala ya kuuza, au kujifunga kwa mkataba, kwa mfano kuahidi kwamba bei ikishuka atainunua bidhaa tena kutoka kwa mteja kwa bei inayokaribia ile aliyolipa. Ahadi kama hiyo humfunga muuzaji mikono: kila punguzo litamgharimu kwa walionunua kwanza, kwa hiyo ana sababu ya kutopunguza.

Apple ilipata dawa yake katika kalenda. Juni 2009, iPhone 3GS ilipoingia sokoni Marekani kwa dola 199 pamoja na mkataba wa mtandao, iPhone 3G ya mwaka uliotangulia ilishushwa hadi dola 99. Tangu hapo mtindo ukazoeleka: toleo jipya hushikilia bei yake, na punguzo huenda kwa toleo la zamani pale jipya linapotoka. Mwenye haraka anajua anachokilipia, ambacho ni mwaka mmoja wa kutangulia. Mwenye subira anajua lini zamu yake itafika. Bei bado inashuka kwa hatua, lakini hakuna anayeshtuliwa.

Mnunuzi anawezaje kutambua kwamba anaenguliwa, na si kwamba gharama za kutengeneza ndizo zinazoshuka? Tazama bidhaa ambayo gharama yake haibadiliki sana. Mchezo wa kompyuta ni mfano mzuri: nakala ya elfu kumi haina tofauti kubwa ya gharama na ile ya mia moja, lakini bei hushuka sana ndani ya miezi michache tangu kutoka. Kushuka huko hakuwezi kuelezwa na kiwanda. Wapenzi wakubwa wa mchezo wamekwisha kununua, na sasa muuzaji anawageukia waliobaki.

Basi kabla hujanunua kitu kipya, andika namba mbili. Ya kwanza ni punguzo unalotarajia kwa kutazama toleo lililopita lilishuka kiasi gani, na baada ya muda gani. Ya pili ni kiasi ambacho uko tayari kukilipa ili uwe nacho katika muda huo. Ya kwanza ikiwa kubwa, ngoja. Ya pili ikiwa kubwa, nunua leo, wala usimlaumu muuzaji bei itakaposhuka.