Pikipiki ya Mkataba

Katika kata ya Kibeta, mjini Bukoba, wako vijana wengi waendeshao pikipiki za kuchukua abiria, nazo si mali yao. Kijana asiye na fedha za kununua pikipiki huenda kwa mtu mwenye nayo, wakapatana: atamletea fedha kidogo kidogo mpaka jumla fulani itimie, na siku hiyo pikipiki itakuwa yake. Mapatano hayo huitwa mkataba, na fedha apelekazo huitwa hesabu.

Sharti ifahamike kwamba mkataba huu si sawa na kununua kwa deni. Anunuaye kwa deni huwa mwenye mali tangu siku ya kwanza, bali huyu wa mkataba ni kama mpangaji wa nyumba mpaka fedha ya mwisho ilipwe. Akishindwa katikati, mwenye pikipiki aweza kuichukua, akadai kwamba yote aliyokwisha kupokea yalikuwa kodi tu. Nchini Kenya sheria ya mwaka 1968 yazuia jambo hilo kwa mikataba inayoihusu: mtu akiisha kulipa theluthi mbili za bei, mwenye mali hawezi kumnyang'anya pasipo kwenda mahakamani. Lakini hata huko, sharti mtu aweze kuonyesha amelipa kiasi gani.

Tuseme pikipiki yauzwa dukani shilingi 2,800,000. Kwa mkataba kijana atalipa 3,600,000. Zile 800,000 zilizozidi ndizo bei ya kungojewa. Kila siku aweka 10,000, na Jumapili ni yake mwenyewe. Basi kwa juma apeleka 60,000, na kwa majuma 60 atamaliza.

Daftari yake yataka safu nne: tarehe, fedha iliyolipwa, jumla ya yote yaliyolipwa, na baki. Wengi huandika zile mbili za kwanza tu, wakidhani yatosha. Lakini safu ya baki ndiyo yenye kazi kubwa, kwa maana ndiyo inayoonyesha mahali hesabu za watu wawili zilipoachana.

Na tuone jinsi jambo hili linavyotokea. Kijana na mwenye pikipiki walikuwa na daftari mbili, kila mtu yake, wala hawakuzilinganisha hata mara moja. Katika juma la 60 kijana alileta 60,000 za mwisho.

"Mzee, leo nimemaliza," akasema.

"Bado, mwanangu," akajibu yule mzee. "Kwangu naona baki 120,000."

Wakafungua daftari zote mbili. Hawakuanza mwanzo, bali katikati, juma la 30: zote mbili zilisema 1,800,000 zimelipwa. Basi kosa lilikuwa mbele ya hapo. Juma la 45 kijana alikuwa na 2,700,000, mzee 2,580,000. Basi kosa lilikuwa kati ya majuma hayo mawili. Wakatazama juma la 38: zilipatana, 2,280,000. Juma la 41 hazikupatana. Hivyo kati ya majuma 60 yalibaki machache tu ya kuchunguzwa.

Katika majuma ya 39 na 40 injini iliharibika. Kijana alimlipa fundi 120,000, na mzee alimwambia kwa simu azitoe katika hesabu. Kijana aliandika amelipa. Mzee, kwa kuwa hakupokea fedha mkononi, hakuandika neno. Hati ya fundi ilikuwa bado imo katika kurasa za daftari ya kijana, yenye tarehe. Mzee akaisoma, akakumbuka, akafuta lile baki. Lakini kama ile hati ingalipotea, kijana angalilipa tena fedha ya majuma mawili. Na kama wangalitia sahihi zao penye baki kila Jumamosi, tofauti ingalionekana juma lile lile la 39.

Wako watumao hesabu kwa simu, nao hutegemea ujumbe unaorudi. Ujumbe huo ni ushahidi mzuri, ila simu huibwa, na nyingine huangukia majini. Afadhali namba ya muamala inakiliwe daftarini siku ile ile.

Baki ikiwa sifuri, liko jambo moja bado. Kadi ya pikipiki ina jina la mwenye nayo wa kwanza, wala haibadiliki yenyewe kwa sababu fedha zimetimia. Mzee akifa kabla ya kubadili jina, warithi wataiona kadi yenye jina la baba yao, nao hawajui habari za mkataba. Kwa hiyo siku ile ile kijana huomba hati ya kwamba malipo yamekwisha, yenye sahihi za wote wawili na za mashahidi, apokee na kadi. Kisha huenda wote wawili ofisi ya Mamlaka ya Mapato, jina lipate kubadilishwa. Kazi hiyo ina ada yake, na ni vema mkataba useme tangu mwanzo ni nani atakayeilipa.