Taarifa Zako Zikivuja, Usiombe Zifutwe Kwanza

Tuseme ulikopa kwa simu ukiwa Nairobi, ukamaliza deni. Mwaka mmoja baadaye kampuni inakuarifu kwamba mfumo wake umedukuliwa, inaomba radhi na kukushauri ubadilishe neno la siri. Haisemi kama kilichovuja ni namba ya simu tu, au ni pamoja na namba ya kitambulisho.

Tofauti ni kubwa. Neno la siri unalibadilisha papo hapo, lakini namba ya kitambulisho unabaki nayo. Tapeli akiwa nayo anaweza kujaribu kuhamisha laini yako kwenye kadi yake ya simu, kisha apokee jumbe za benki zinazokuja kwako.

Wengi hukasirika wakaandika: futeni kila kitu. Wakikubaliwa, wamepoteza ushahidi wa kilichovuja. Anza kwa kuomba maelezo, kwa baruapepe inayokwenda kwa afisa anayeshughulikia data. Mara nyingi anwani yake imo kwenye sera ya faragha ya kampuni. Andika hivi: “Naomba nakala ya taarifa zangu zote mlizonazo, mnieleze zipi zimevuja, mligundua lini, na mlimwarifu Kamishna wa Data lini.” Tarehe hizo zina maana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaipa kampuni saa 72 kumwarifu Kamishna tangu ijue, na kanuni za 2021 zinaipa siku 7 kukupa nakala.

Kisha uliza kuhusu kinga, kwa maswali yasiyojibika kwa maneno matupu. Je, taarifa zilihifadhiwa kwa usimbaji, au mdukuzi alizisoma zilivyo? Njia aliyopitia imezibwa? Wakusanya madeni waliopewa taarifa zako bado wanazo? Wakijibu tu kwamba “usalama wako ni muhimu kwetu”, hawajajibu.

Ufutaji uwe ombi la mwisho, nalo lina mipaka. Sheria ya kuzuia utakatishaji fedha inazitaka taasisi za fedha kutunza kumbukumbu za miamala kwa angalau miaka 7, kwa hiyo rekodi ya mkopo inaweza kubaki. Lakini orodha ya majina iliyochukuliwa kwenye simu yako haina kazi tena deni likiisha. Andika: “Futeni yasiyohitajika. Yanayobaki, nitajieni sheria inayowaruhusu na tarehe ya kuyafuta.” Kwa ombi hili kampuni ina siku 14 za kujibu.

Wakitaka picha ya kitambulisho ili kukuthibitisha, usikimbilie kuituma. Pendekeza wakuthibitishe kwa namba ya simu uliyosajili kwao.

Siku zikipita bila jibu, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo inapaswa kuyamaliza ndani ya siku 90. Ambatisha barua yako na ujumbe wa kwanza wa kampuni. Kwa hiyo usiufute ujumbe huo.