Bao linabofywa, stori ndiyo inalipa

KIZIMBANI, UNGUJA. Ndondo ikichezwa huku kwenye mashamba ya viungo, hukosi vijana pembeni ya uwanja wameshika simu wanarekodi. Wengi wana chaneli YouTube, na wengi wanaangalia namba moja tu: video imetazamwa mara ngapi. Hapo ndipo wanapopigwa chenga.

YouTube haikugawii pesa za matangazo ya video ndefu mpaka ufikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Zinahesabiwa saa, siyo vichwa. Video fupi za Shorts zina njia yao, watazamaji milioni 10 ndani ya siku 90, na saa zake hazijumlishwi kwenye hizo 4,000.

Sasa fungua YouTube Studio usome namba mbili. 'Impressions click-through rate' inakwambia katika kila watu 100 walioonyeshwa picha ya video yako, wangapi wamebofya. 'Average view duration' inakwambia waliobofya wamekaa muda gani.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kijana ana video mbili, kila moja picha yake imeonyeshwa mara 10,000. Ya kwanza ni bao la dakika za jioni, imebofywa kwa asilimia 9: watazamaji 900. Lakini wanakaa sekunde 50 tu, wakishaona nyavu zinatikisika wanasepa. Jumla ni saa 12 na nusu.

Ya pili ni mahojiano ya dakika 10 na kipa mkongwe wa mtaa. Imebofywa kwa asilimia 4, watazamaji 400, ila wanakaa dakika nne na nusu. Jumla ni saa 30. Bao limeshinda kwa watu, kipa kashinda kwa saa, zaidi ya mara mbili.

Kwa mwendo huo, saa 4,000 zinataka mahojiano kama 134, au mabao 320. Na ukishaanza kulipwa, video ya kuanzia dakika 8 inaruhusiwa matangazo katikati. Ya bao haifiki.

Kwa hiyo dawa siyo kuacha mahojiano kwa sababu yamebofywa kidogo. Badili picha ya mbele na kichwa, kisha angalia asilimia inapanda au vipi.

Ila usidanganye. Ukiandika "Yanga yamnasa straika wa Kizimbani" na ndani hakuna kitu, mibofyo itapanda, lakini mchoro wa utazamaji utaporomoka ndani ya sekunde 30 za mwanzo. Ukiona hivyo, ujue kichwa kimeahidi kisichokuwemo.

Mtego mwingine ni kuchukua klipu ya mechi kwenye runinga. Mwenye haki akiidai, mapato yanaweza kwenda kwake hata kama saa ni nyingi. Ndondo uliyoirekodi mwenyewe, picha ni zako.

Mwisho tazama 'RPM', yaani umepata kiasi gani kwa kila watazamaji 1,000. Linganisha video kwa video, utajua wiki ijayo kamera uielekeze golini au kwa kipa.