Mkono Uliokufa Kabla ya Kisu

Waulize watu wa vijiji vya Kanda ya Ziwa kwa nini mtu aliyevunjika hapelekwi hospitali moja kwa moja. Watataja nauli, watataja bei ya vyuma, lakini wengi watakuambia pia kwamba hospitali watamkata. Woga huo hautoki hewani. Karibu kila kijiji kina mtu aliyeingia wodi ya mifupa na mikono miwili akatoka na mmoja. Kisichosimuliwa ni alikopitia kabla ya kufika wodini. Baadhi ya hao walifika na kiungo kilichokwisha kuoza ndani ya banzi za mganga wa mifupa. Hospitali ikakata, ikabaki na jina la mkataji, na jina hilo ndilo linalompeleka majeruhi anayefuata kwa mganga yuleyule.

Mganga naye ana haki yake. Mifupa mingi huunga yenyewe ikitulizwa, na mfupa uliopata ufa bila kuachana utaunga hata ukifungwa kwa vijiti na kitambaa. Ndiyo maana ana wateja wanaomsifu, na hawasemi uongo. Tatizo ni kwamba hana picha ya kumwonyesha vipande vimekaaje, na mara nyingi hufunga kwa kukaza akiamini kwamba kukaza ndiko kunakoshika mfupa.

Tuchukue mfano, si wa mtoto mmoja bali wa mambo yanayojirudia wodini. Mvulana wa miaka minane anaanguka kutoka kwenye mwembe Jumamosi jioni, mifupa yote miwili ya kigasha inavunjika. Bibi yake, anayeishi naye, anampeleka kwa mganga wa jirani. Mkono unavutwa, unapakwa dawa, unazungushiwa vipande vya mwanzi na kufungwa kwa vitambaa kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Usiku mtoto analia. Jumapili analia zaidi, vidole vimevimba, na mganga anasema dawa inafanya kazi. Jumatatu kilio kinapungua na wote wanashukuru. Jumatano malengelenge yamejaa, vidole ni vyeusi, na harufu imeanza. Alhamisi wanafika hospitali.

Siku ya kuogopa ilikuwa ile Jumatatu ya utulivu. Misuli ya kigasha imegawanyika katika vyumba, na kila chumba kimefunikwa na utando mgumu usiotanuka. Mfupa ukivunjika, damu na maji hujaa ndani ya vyumba hivyo. Ukifunga banzi ngumu juu yake, uvimbe unakosa pa kwenda, shinikizo linapanda, na mishipa midogo inayolisha misuli inabanwa ikafungika. Msuli uliokosa damu kwa saa sita hadi nane huanza kufa moja kwa moja. Mishipa ya fahamu nayo hufa, na ikishakufa haileti tena habari ya maumivu. Mtoto hakupata nafuu Jumatatu. Mkono ulikuwa umenyamaza kwa sababu haukuwa na cha kusema nacho.

Kuna jambo linalowadanganya hata matabibu: mapigo ya mshipa pale kwenye kifundo cha mkono yanaweza kuendelea kusikika wakati misuli inakufa, kwa sababu mshipa mkubwa hufungwa mwisho. Dalili ya kuaminika huja mapema zaidi, nayo ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa mtu mwingine akivinyoosha vidole taratibu. Ganzi na kuwashwawashwa hufuata. Ubaridi na weusi ni habari za mwisho. Hogo la hospitali likikazwa huleta balaa hilohilo, na tabibu anayesahau hilo hana haki ya kumnyooshea mganga kidole. Tofauti inatakiwa iwe kwamba hospitali hulipasua hogo mara moja, na ikibidi daktari wa upasuaji hufungua ule utando misuli ipumue.

Kati ya kupona na kuoza ipo njia ya katikati. Mkono unabaki hai lakini misuli iliyokufa inageuka kovu na kujikunja, vidole vinakuwa kama kucha za ndege. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann aliieleza hali hiyo mwaka 1881, na hadi leo ulemavu huo una jina lake.

Turudi kwa mvulana wetu, maana sasa wamekaa mbele ya tabibu na kila neno litasafiri hadi kijijini. Kazi ya kwanza si maneno. Banzi zikatwe zote, pamoja na kitambaa cha mwisho kinachogusa ngozi, na mkono uwekwe usawa wa moyo, si kuning'inizwa juu, kwa sababu kuuinua kunapunguza damu kidogo iliyobaki. Maswali ya nani alifunga na kwa nini walichelewa yasubiri. Swali linalohitajika ni moja tu: ulifungwa lini na maumivu yalianza kuzidi lini?

Kisha kuna bibi. Huyu ndiye aliyempeleka mtoto kwa mganga, na tayari anajua. Tabibu anayeanza kwa kufoka, "Mlikuwa wapi siku zote hizi?", anajipatia nafuu yeye mwenyewe na kuifunga familia midomo. Watanyamaza, watatikisa kichwa, na usiku watamtorosha mtoto. Anayejua kazi yake huvuta kiti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, daktari."

"Ulimpeleka kule kwa sababu ulitaka apone. Nimelielewa hilo. Sasa naomba usogee, tuuangalie mkono pamoja."

Kutazama pamoja kuna uzito kuliko hotuba. Bibi ashike vidole vya mkono mzima, halafu ashike vya huu. Avione visivyobonyea wala kurudisha wekundu. Mtoto aulizwe kama anasikia anapoguswa. Ndipo lije lile neno linalotakiwa kusemwa waziwazi kabla ya fomu yoyote kutiwa sahihi: mkono huu ulikufa kabla hamjafika hapa, ulikufa kwa kubanwa, damu ikashindwa kupita, tutakachokiondoa ni kilichokwisha kufa, ili uozo usiingie kwenye damu ukamuua mtoto. Kuficha sababu ili kumfariji bibi si huruma. Asipoisikia hapo, kijijini watasema hospitali ndiyo iliyoua mkono, na mtoto wa jirani atafungwa vilevile.

Familia itaomba muda ili baba aje na wazee washauriane. Hapa tabibu lazima ajue anachokitazama. Kiungo kilichooza kikavu, kimesinyaa na hakina harufu wala homa, kinaweza kusubiri siku kadhaa hadi mpaka kati ya kilicho hai na kilichokufa uonekane wazi. Kilichooza kimajimaji, chenye harufu na uvimbe unaopanda huku mtoto ana homa, hakisubiri. Muda wa kushauriana ni wa simu moja, si wa safari ya basi. Mvulana huyu ni wa kundi la pili. Kwa hiyo daktari anampigia baba yeye mwenyewe, simu ikiwa na sauti ya wote kusikia, na kurudia maneno yaleyale aliyomwambia bibi, bila kuyapunguza.

Kuna mambo ambayo familia haziulizi lakini huyawaza. Watakata wapi? Aonyeshwe kwa kidole, na aelezwe kwamba kiwiko kikiwa hai kitaachwa, kwa sababu mkono wa bandia hufanya kazi vizuri zaidi ukiwa na kiwiko. Kile kinachokatwa kitapelekwa wapi? Familia nyingi hutaka kukizika, na kuwauliza mapema kunaondoa uvumi mchafu. Mtoto naye aambiwe, kwa maneno ya umri wake, kabla ya kulazwa usingizi. Asiamke akajionea mwenyewe. Aambiwe pia kwamba huenda akahisi vidole visivyokuwepo vikimuuma, na kwamba hilo hutokea, si uchawi wala wazimu. Viungo bandia vinatengenezwa nchini, na chuo cha TATCOT pale KCMC Moshi kimekuwa kikifundisha mafundi wake tangu miaka ya 1980, lakini mtoto anakua na kiungo hubadilishwa mara kwa mara. Gharama hiyo isemwe siku za mwanzo, isiachwe iwashtukize.

Mfupa uliounga vibaya ni habari nyingine. Haukimbizani na saa, na kosa la tabibu hapo huwa ni haraka. Dereva wa bodaboda anakuja miezi sita baada ya kufungwa mguu kwa mganga; ugoko umeunga ukiwa umepinda na mguu umepungua sentimita mbili. Picha ya eksirei inatisha, na kijana daktari anatamani kuvunja na kunyoosha. Kwanza amuulize anashindwa nini. Kama anatembea, anaendesha na hasikii maumivu, soli ya kiatu iliyoongezwa unene inaweza kutosha. Kama kifundo kinamuuma kwa kukanyagia upande, au mguu umejizungusha na unagongana na mwenzake, upasuaji una maana. Aambiwe ukweli wake: mfupa utakatwa upya, utawekwa chuma na skurubu, ataanza kusubiri kuunga kwa miezi mingine, na upo uwezekano wa kidonda kuingia wadudu au mfupa kukataa kuunga. Uamuzi ni wake.

Kwa mtoto hesabu hubadilika. Mfupa wake uliopinda karibu na kifundo cha mkono hujinyoosha kadiri anavyokua, kwa hiyo mzazi anaweza kuambiwa asubiri, apigwe picha tena baada ya miezi kadhaa. Uliojizungusha haujirekebishi, na mzazi asipewe tumaini la bure. Kukanda kiwiko kilichovunjika kwa nguvu kukatazwe kabisa, maana msuli uliojeruhiwa unaweza kujijengea mfupa ndani yake na kiwiko kikakakamaa.

Baadhi ya wagonjwa watarudi kwa mganga hata baada ya mazungumzo mazuri. Tabibu mwenye busara halikwepi hilo, bali anaaga akiwa ameacha dalili za hatari mkononi mwa mtu. Na wewe msomaji, kama nyumbani kwako kuna aliyefungwa mkono au mguu, iwe na mganga au na hospitali, na maumivu yanazidi badala ya kupungua, vidole vimekufa ganzi au vimekuwa vya baridi, usingoje kupambazuke. Fungua banzi usiku huohuo. Kama ni hogo, usihangaike nalo kwa kisu cha jikoni. Mpeleke hospitali lipasuliwe. Mfupa uliosogea kwa kufunguliwa unaweza kurudishwa.