Tundu la Bluu, Kebo ya Simu

Mpiga picha wa harusi anachomeka diski ya nje kwenye tundu la bluu la laptopu na kuanza kuhamisha video zenye gigabaiti 60. Kasi inagoma kwenye megabaiti 35 kwa sekunde, kwa hiyo atasubiri karibu nusu saa. Diski hiyohiyo, kwenye tundu hilohilo, ingemaliza kwa dakika kama 9. Kosa liko kwenye kebo. Iliyokuja na diski imepotea, naye ametumia ya simu ya zamani.

Kebo ya USB 2.0 ina waya nne: mbili za umeme na mbili za data, ambazo mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde, na kwa matumizi halisi ni megabaiti 30 hadi 40. USB 3.0 ilipokuja mwaka 2008, waya hizo hazikuongezwa kasi. Ziliachwa zilivyo, na pembeni zikawekwa nyingine tano: jozi ya kupeleka data, jozi ya kupokea, na moja ya ardhi. Kasi ya gigabiti 5 hupita kwenye jozi hizo mpya tu.

Diski nyingi za nje zina tundu pana lenye sehemu mbili zilizoshikana. Kichwa cha kebo ya simu ya maikro huingia sawasawa kwenye ile sehemu kubwa, na ile ndogo, yenye miguso mitano ya ziada, hubaki wazi. Kompyuta hutafuta diski kwenye jozi za kasi, ikikosa huipata kwenye waya za zamani na kuendelea kimyakimya. Faili zinafika salama, hakuna onyo la hitilafu, ndiyo maana watu huilaumu diski au kompyuta.

Usiamini rangi ya plastiki peke yake, maana hata kebo yenye kichwa cha bluu inaweza kukosa waya hizo. Tazama ndani ya kile kichwa bapa kinachoingia kwenye kompyuta: miguso minne iko mbele, na ya USB 3.0 ina mingine mitano nyuma yake. Kebo za USB-C ndizo zinazodanganya zaidi, kwani nyingi zinazouzwa na chaja zina waya za data za USB 2.0 tu, na kwa nje huwezi kuzitofautisha.

Kwenye Linux, andika amri hii:

```
lsusb -t
```

Mbele ya diski ikionekana `480M`, jozi za kasi hazifanyi kazi. `5000M` ni sawa. Kabla ya kununua kebo, chomoa na uchomeke tena kwa mkupuo mmoja, kwa sababu ukiingiza polepole miguso ya mbele hutangulia kugusana na diski inaweza kubaki kwenye kasi ya zamani.

Lakini kama unahamisha maelfu ya faili ndogondogo, kebo mpya haitakusaidia sana. Hapo kinachochelewesha ni kichwa cha kusomea kinachohamahama juu ya sahani za diski.