Je, Wajua? Mgomo wa Walimu Lubumbashi na Mfuko wa Mzazi

Je, wajua kwamba wazazi wa Lubumbashi waliwalipa walimu wa shule za umma kwa karibu miaka 30, na kwamba desturi hiyo ilizaliwa na mgomo? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hazina ya Zaire ilikauka na walimu wakaacha kufundisha. Kanisa Katoliki, linaloendesha shule nyingi za umma kwa mkataba uliotiwa saini na dola mwaka 1977, likapatana na wazazi: kila familia itoe fedha za kumshikilia mwalimu darasani. Mgomo ukaisha, malipo yakabaki.

Mwalimu wa mjini akafaidika kuliko mwenzake wa kijijini, kwa kuwa mzazi wa Lubumbashi alikuwa na uwezo zaidi. Hapa ndipo penye fundo. Septemba 2019 serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, ambayo Katiba ya 2006 iliiahidi katika kifungu cha 43, fedha za wazazi zilikatwa katika shule za msingi za umma. Walimu waliopoteza zaidi ni hao hao wa miji mikubwa. Tangu hapo mwalimu wa mjini anayegoma anadai pia kile alichokuwa akipewa na mzazi.

Anamdai nani? Si gavana. Kifungu cha 204 cha Katiba hiyo kinaweka elimu ya msingi na sekondari mikononi mwa mikoa, lakini orodha ya mishahara ya walimu inatengenezwa Kinshasa, na vyama vya walimu vinajadiliana huko na serikali kuu. Ofisi za Lubumbashi zinaweza kuwapokea walimu na kusikiliza malalamiko yao. Kuongeza mshahara haziwezi. Kwa hiyo mgomo wa hapa hungoja saini ya kule.

Na saini yenyewe si mwisho wa safari. Februari 2004, huko Mbudi, Kinshasa, serikali na vyama vya watumishi wa umma walikubaliana kwamba tarishi apate dola 208 kwa mwezi na katibu mkuu dola 2,080, yaani mara kumi. Kiwango hicho kingefikiwa kwa hatua. Hakikutekelezwa kikamilifu, na kwa miaka mingi vyama vimeendelea kuitaja Mbudi kila vinapokaa mezani.

Mtaani Katuba au Kenya mgomo huonekana asubuhi: watoto wenye sare nyeupe na bluu wanarudi nyumbani kabla jua halijapanda, huku wa shule binafsi ya jirani wakiendelea na masomo. Siku zinazopotea ni za wasio na ada ya shule binafsi, ilhali mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi ni mmoja kwa wote. Oktoba 2021, wakati wa mgomo, wanafunzi wa Kinshasa waliingia hadi ndani ya jengo la Bunge kudai walimu wao warudi darasani.